Moto Usiotaka Kuachiwa

Inatangazwa kwa umma, kwa heshima zote zinazostahili, kwamba tanuri la gesi la Kirotshe lilikabidhiwa kwa walengwa likiwa katika hali bora kabisa. Kwamba hitilafu iliyojitokeza baadaye, kufuatana na uchunguzi wa kina, imesababishwa na ukosefu wa usafi kwa upande wa watumiaji. Na kwamba, kwa faida ya maendeleo ya kudumu, tanuri hilo litahamishiwa Walikale siku ya Ijumaa, ambako wananchi wako tayari kulipokea.

Hivyo ndivyo lilivyosema tangazo la mradi wa Moto Safi. Lilikuwa na mihuri miwili, pengine kwa kuhofia kwamba mmoja peke yake ungetiliwa shaka, na lilibandikwa kwenye mlango wa nyumba ya mikate, upande wa nje, ili hata wagonjwa wanaopita kwenda hospitali wasikose kujua ni nani mchafu. Uchunguzi wa kina, kwa wanaopenda kujua, ulifanywa na bwana mmoja aliyesimama mlangoni, akauliza kama ni kweli moto unazimika, akajibiwa ni kweli, akashukuru, akaenda zake.

Emérita alilisoma tangazo mara ya kwanza kimya. Mara ya pili alilisoma kwa sauti. Mara ya tatu hakulimaliza, maana alikuwa amefika kwenye neno "usafi" na pumzi ilimkatika.

"Miye?" alisema. "Miye muchafu?"

Mwenzake Colette, aliyekuwa anakanda unga ndani, hakujibu. Colette alimjua Emérita vya kutosha kujua kwamba swali lile halikuwa linahitaji jibu, lilikuwa linahitaji mtu wa kumpasukia.

Hasira ya Emérita ilikuwa na historia yake pale Kirotshe, kama vile watu wengine wanavyokuwa na historia ya kuimba. Alizaliwa vilimani, juu ya Masisi, katika nyumba ya watu wa maharagwe na mihogo. Akiwa binti alimfokea katekista mbele ya kanisa zima kwa sababu aliwaweka wasichana nyuma kwenye maandamano ya Mwili wa Kristo, na mwaka uliofuata wasichana walikwenda mbele. Vita vilipowashusha hadi ukingoni mwa ziwa, alifika na watoto na karai moja. Ndani ya karai hilo alianza kukaanga mandazi kando ya barabara. Mume wake alikwenda Walikale kuchimba mawe, akiahidi kurudi na mabati ya kujengea. Mabati hayakurudi, wala yeye. Habari zilizofika zilimtaja mwanamke wa huko na watoto wawili wanaofanana naye masikio. Tangu hapo mtu akitaja Walikale mbele ya Emérita, alitakiwa kuwa na sababu nzuri.

Kisha ukaja mradi. Ulisema makaa ya kupikia yanamaliza msitu, jambo ambalo ni kweli, na kwamba akina mama wa mikate wapewe tanuri la gesi, jambo ambalo lilikuwa zuri zaidi kuliko ukweli. Emérita, aliyekuwa amepika kwenye fuur, yaani tanuri, ya udongo hadi nyusi zake zikaacha kuota, alilipokea tanuri lile kwa shaka, akalifungua mlango, akachungulia, akasema: "Haina moshi? Basi tutaona." Akaona. Mikate ilitoka yote ya rangi moja. Watu waliokuwa wanauguza ndugu zao hospitali wakawa wanapanga mustari kabla hakujapambazuka vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kutoka vilimani, Emérita alianza kuamka bila kukasirika, na majirani walipata wasiwasi.

Ugonjwa wa tanuri ulianza baada ya ugeni mkubwa. Wakubwa wa mradi walikuja na wageni wao, wakapiga picha, wakala mikate, wakaondoka. Kesho yake asubuhi Emérita alifanya kama kawaida. Alisukuma ndani ile buton ya duara inayofungulia gesi, akaizungusha, akapitisha kiberiti kwenye tundu la chini. Moto wa bluu ukakimbia kwenye bomba lote vizuri, kama siku zote. Akashikilia kidogo, kama alivyofundishwa. Akaachia.

Moto ukafa.

Akarudia. Ukawaka. Akaachia, ukafa. Akashikilia muda mrefu hadi kidole kikafa ganzi, akaachia taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Ukafa vilevile. Akautukana kwa Kihunde, lugha ambayo ina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo, na moto haukujali.

Ni yeye mwenyewe aliyetoa habari kwa mradi, kwa uaminifu, akidhani kwamba mtu akisema kitu kimeharibika, watu wanakuja kukitengeneza. Walikuja wakabandika tangazo.

"Walikale ilisha kula bwana yangu," alimwambia Colette asubuhi ile ya tangazo, akivaa viatu vya kwenda njiani. "Sasa inataka na fuur. Kama inataka fuur, ikuye ichukue mu mikono yangu."

"Uko unaenda wapi, mama?"

"Bweremana. Kwa Kasika."

Kasika alikuwa Munande wa Butembo, mtu wa kabila la wafanyabiashara, mwenye duka la bombone (mitungi) za gesi, taa za sola, mipira ya pikipiki, rozari, na kila kitu kingine ambacho mtu angeweza kukihitaji akiwa na haraka. Alikuwa mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza na mwenye kujisifu hadi misa ya pili. Emérita alimweleza shida kwa sauti iliyowafanya wateja wengine wasogee karibu.

"Termokuple," alisema Kasika, bila hata kuinua kichwa. "Njo ugonjwa wake. Kila siku njo ile. Mama, batu bote ba gaz kutoka hapa mpaka Minova, ni miye banauliza."

"Sikukuya kusikia sifa yako. Leta."

Akaleta: waya mnene wa shaba, mrefu kama mkono, wenye kidole cha chuma upande mmoja na nati ndogo upande mwingine. Akamweleza kwamba kidole kinakaa penye moto, na nati inaingia nyuma ya buton. Emérita akaondoka nayo kwenye pikipiki, akiishika kifuani kama mshumaa wa Pasaka.

Yeye na Colette walitoa ya zamani, wakaweka mpya pale pale, kwenye kibati kile kile kinachoishika karibu na bomba. Wakawasha. Moto wa bluu, mzuri, wa kupendeza. Emérita akashikilia, akasali kidogo, akaachia.

Moto ukafa.

Mtu aliyekuwa Bweremana mchana ule anaweza kusimulia. Emérita aliingia dukani bila salamu, jambo ambalo huku ni sawa na kuingia na panga.

"Kasika! Uliniuzisha maiti!"

"Mama Emérita, bonjour kwanza..."

"Bonjour ya nini? Ijumaa kamio inakuya kubeba fuur yangu! Watu wa Nande mulizoea kuuzisha siye vitu vya kufa!"

"Ee! Sasa ni Banande bote? Na papa yangu mu kaburi Butembo, yeye pia anauzishaka?"

"Yeye sijui. Weye najua."

Hapo Kasika naye akakasirika, na hasira ya mtu anayejisifu ina faida moja: anataka kuonyesha. Akafunga duka, katikati ya siku ya soko, akachukua kile chombo chake cha kupimia umeme wa sola, akapanda pikipiki nyuma ya Emérita. Hawakusemezana hadi Kirotshe. Dereva, aliyekaa mbele ya ukimya ule, alisema baadaye kwamba heri barabara ya matope.

Kitu cha kwanza alichokiona Kasika alipoingia kilimfanya asahau salamu. Mbele ya tanuri, kijiti cha mbao kilikuwa kimekazwa kwenye buton na kufungwa kwa kipande cha mpira wa pikipiki, ili buton isukumwe ndani muda wote bila kidole. Ndivyo walivyokuwa wanapika tangu wageni walipoondoka.

"Nani alifanya hii?" aliuliza, kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko ya juu.

"Siye," alisema Colette. "Iko inasaidia."

"Inasaidia!" Alikata mpira kwa kisu. "Inasaidia kuwapeleka kwa Mungu bila kupita hospitali, na hospitali iko hapa karibu! Musikilize. Ile kidole ya termokuple, moto ukiipasha, inatoa umeme kidogo, kidogo sana. Ule umeme unashika sumaku mu robine, mulango wa gaz. Sumaku ikishika, njia ya gaz iko wazi. Moto ukizimika, kidole inapoa, sumaku inaachia, gaz inafungwa. Njo kazi yake: kulinda. Kidole yako kwa buton ni ya kusaidia tu mwanzo, mpaka ile kidole ya chuma ipate moto. Sasa nyinyi mumefunga buton na kijiti. Upepo ukizima moto, gaz inaendelea kutoka, inajaa mu fuur, mu nyumba. Mutu anakuya na kiberiti. Bum! Halafu mradi wanabandika tangazo ingine."

Emérita alikitazama kijiti kwa muda. Alikuwa amekichonga mwenyewe. Hasira yake ilizunguka chumba ikitafuta mahali pa kukaa, haikupata, ikarudi.

"Vizuri," alisema. "Umesomesha siye. Sasa tengeneza."

Kasika alifunga gesi kwenye bombone, akafungua nati ya termokuple mpya nyuma ya buton, akaifuta ncha yake kwa kitambaa kikavu. Akaunga chombo chake: waya mmoja kwenye mwili wa shaba, mwingine kwenye ncha. Kisha akatoa briketi, kiberiti chake cha gesi cha kuwashia sigara, mfukoni na kuweka kimoto chini ya kile kidole. Namba zikaanza kupanda: milivolti tano, kumi, ishirini na zaidi.

"Unaona? Iko nzima. Sikukuuzisha maiti."

"Na ile ya zamani?" aliuliza Emérita.

Kasika aliipima ile ya zamani, kwa moyo mzito. Namba zikapanda hivyo hivyo.

Emérita alizitazama zote mbili.

"Kwa hiyo," alisema Emérita polepole, "ya zamani ilikuwa nzima. Na weye ulisema 'njo ugonjwa wake' bila kuangalia, kama vile bale ba mradi walisema bila kuangalia. Na weye unakuya kunikasirikia juu ya kijiti!"

"Mama, uliingia na kelele, ukaomba termokuple, nikakupatia termokuple. Ungeingia na fuur, ningeangalia fuur."

"Ningeibeba kwa kichwa?"

"Kwa ile nguvu niliona leo, ungeweza."

Colette alicheka, akajuta mara moja.

Kasika alirudisha nati mahali pake, kwa vidole kwanza, kisha robo ya mzunguko kwa spana. "Usikaze kama nati ya kamio," alisema, "utapasua ncha, na haitagusa vizuri." Akaondoa lile bati la chini ndani ya tanuri linalofunika bomba la moto, akafungua gesi, akampa Emérita tochi. "Lala chini. Miye nawasha. Weye unaangalia kidole, si moto. Kidole."

Emérita akalala kwenye sakafu ya saruji, na kitenge chake kizuri cha kwenda Bweremana. Kasika akasukuma buton. Moto ukakimbia kwenye matundu ya bomba.

"Unaona nini?"

"Moto."

"Kidole?"

"Kidole iko pale. Moto iko huku." Akasogeza tochi. "Moto haimuguse. Inapita pembeni yake, kama watu wamegombana."

"Haya," alisema Kasika, akaachia buton, na moto ukafa, na kwa mara ya kwanza kifo chake kilikuwa na maana. "Termokuple nzima, moto muzuri, lakini hawaonane. Hata ungeweka mpya kumi. Kibati kinachoishika kimepinda. Ya zamani ilikuwa inaangalia ukuta. Mpya mumeiweka mu kibati ile ile, nayo ikaangalia ukuta. Sasa nani alipinda kibati? Hii kitu haipinde peke yake."

Emérita bado alikuwa amelala chini na tochi. Mwanga wa tochi ulipita kwenye bomba, kwenye kibati, kwenye kuta za ndani za tanuri, na kila ulipopita, kitu kilimrudishia mwanga machoni. Hakukuwa na doa hata moja. Akainuka kwa kiwiko, akageuka.

"Colette."

Colette alikuwa anaangalia mikono yake.

Huku ukingoni mwa ziwa, mwanamke anaangaliwa chini ya sufuria yake. Juu panaweza kung'aa kwa yeyote. Chini, penye masizi, ndipo watu wanasoma nyumba. Mgeni akitangazwa, sufuria zinabebwa hadi majini, zinasuguliwa kwa majivu na mchanga na nyuzi za mgomba mpaka ziwe za kujitazamia uso. Na Colette alikuwa bingwa wa kazi hiyo kutoka Kirotshe hadi Sake. Siku ile kabla ya wageni, wakala wa mradi, kijana aitwaye Jean-Luc, alikuwa amekuja na agizo kutoka biro, ofisi ya mradi: tanuri ling'ae, ndani na nje, kwa ajili ya picha. Colette alipewa agizo la kufanya kitu ambacho angekifanya hata akikatazwa. Aliondoa bati la chini, akaingiza mkono na majivu, akasugua bomba, akasugua kibati, na alipokuta kidole kimoja cheusi kimemzuia kufika kwenye kona, alikisukuma pembeni kwa upole, akasugua na chenyewe hadi kikawa cheupe.

"Kilikuwa kinanizuia," alisema. "Nilifikiri ni musumari walisahau."

Emérita alifungua mdomo. Kasika alirudi nyuma hatua moja, akitegemea moto mwingine. Lakini Emérita aliangalia ule mng'ao, kisha akaangalia mlango, ambako karatasi yenye mihuri miwili ilikuwa inapepea, na hasira ikapata hatimaye pa kukaa.

"Hapana weye," alimwambia Colette. "Hapana weye hata kidogo. Ukosefu wa usafi! Ijumaa njo nitaonana nao."

Kasika alikunja kibati kwa koleo, kidogo kidogo, akimwita Emérita aangalie kila mara: ncha ya kidole iwe ndani ya moto wa bluu, ioshwe na moto kwa upana wa kucha tu, isiguse bomba, wala isizame ndani ya moto hadi shingoni. Colette akaruhusiwa sabuni: alipaka povu kwenye mpira wa gesi na kwenye kichwa cha bombone, kwa sababu tanuri lilikuwa limesogezwa ili koleo lipite, na povu halikutoa kiputo hata kimoja: gesi haikuwa inavuja. Kisha Emérita akasukuma buton, akawasha, akashikilia. Kidole cha ndani kilianza kuwa chekundu nchani. Akaachia.

Moto ukabaki.

Hakuna aliyepiga makofi. Emérita alizima, akangoja kipoe, akawasha tena, akaachia, ukabaki. Akafanya hivyo mpaka Kasika akauliza kama anapanga kumaliza bombone yote ili anunue ingine.

"Nenda kwako," alimwambia. "Asante. Lakini siku ingine, uangalie kwanza, njo uuzishe."

"Na weye siku ingine, useme bonjour."

Ijumaa kamio, lori la mradi, ilifika. Jean-Luc alishuka na wabebaji wawili na kamba. Alikuwa kijana mpole mwenye shati la mradi, mtu aliyebeba maneno ya wengine na maneno hayo yakimlemea. Ndani palinuka mkate.

"Mama Emérita, samahani, tumetumwa..."

"Kuya hapa, Papa Jean-Luc. Mbele ya kubeba, fanya kitu kimoja. Sukuma ile buton. Washa."

Akasukuma, akawasha. Moto ukakimbia. Akashikilia.

"Achilia."

Hakuachia. Wabebaji walikuwa wanaangalia, na watu wa mustari wa mikate walikuwa wamejaa mlangoni.

"Lakini Mama, kama tangazo, communiqué, inavyosema..."

"Communiqué haiko mu fuur! Achilia!"

Akaachia. Moto ukabaki, wa bluu, mtulivu, kama vile haukuwahi kusikia habari za mihuri. Jean-Luc aliutazama kwa uso wa mtu anayejiuliza atasema nini kwa simu.

"Unajua juu ya nini ilikuwa inazimika?" Emérita alisimama kati yake na mlango. "Weye uling'arisha! Ulikuya hapa, ukasema wakubwa wanataka picha, fuur ing'ae mpaka ndani. Mwenzangu akang'arisha mpaka termokuple ikageukia ukuta. Tulipata ugonjwa juu ya usafi wenu. Halafu mukaandika kwa mulango wangu, mbele ya wagonjwa, kwamba miye ni muchafu! Kwa mulango wangu! Hata bwana yangu alivyokimbia hakuacha karatasi!"

Kicheko kilipasuka mlangoni. Emérita hakucheka.

Jean-Luc alitoka nje kupiga simu. Walimsikia akisema "ndiyo, chef," kisha "hapana, chef, inawaka," kisha "inabaki, chef," kisha akasikiliza akipiga mchanga kwa ncha ya kiatu. Aliporudi, aliwaambia wabebaji warudishe kamba garini. Tanuri lingebaki. Kuhusu tangazo, alisema kwa aibu, utaratibu wa kuliondoa ulikuwa haujulikani, maana hakuna aliyewahi kuomba tangazo liondolewe.

Emérita aliliondoa mwenyewe, kwa kisu cha kukatia unga.

Baada ya muda likaja tangazo lingine. Lilisema kwamba, kutokana na juhudi za mradi za kuhamasisha usafi, tanuri la Kirotshe limerudia hali yake bora, na kwamba wananchi wa Walikale wasivunjike moyo, kwani lao litawafikia. Emérita alilisoma hadi mwisho safari hii. Kisha aliupiga mlango kwa nguvu kiasi kwamba mikate ya kwanza ilinywea ndani ya tanuri, na Colette alilazimika kuiuza kama biskuti kwa watoto wa shule.

Tanuri la Walikale lilifika kweli, jipya, kwa ndege. Kasika, ambaye ana shemeji huko, aliulizia. Linang'aa sana. Huko hakuna mtu anayeuza gesi.